Kufunga Kizazi: Maswali Yanayotangulia Kisu

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani Kigoma kuhusu jambo ambalo wanaume wengi hawapendi hata kulitaja kijiweni: kufunga kizazi kwa mwanamume. Watafiti waliwauliza wanaume waliokwisha kufunga na wale waliofikiria kufunga wakasita, pamoja na wake zao. Sababu za kukubali zilikuwa za maisha ya kila siku, kama ugumu wa kulisha na kusomesha, au afya ya mke iliyochoshwa na uzazi. Sababu za kukataa zilikuwa nyingi zaidi. Wapo waliodhani mwanamume akifungwa huwa kama dume lililohasiwa. Wengine walitaja dini, na wengine hawakumwamini daktari asiyejulikana. Lakini sababu moja haikutokana na kutojua. Watu walikuwa wakijiuliza habari za kesho. Watoto wakifa je? Mke akifa nikaoa mwingine, naye akitaka mtoto wake? Tukiachana?

Mara nyingi maswali haya huchukuliwa kliniki kama uoga, yakajibiwa haraka haraka ili mteja "aelimike" na foleni isonge. Mimi nayaona ndiyo maswali bora kuliko yote anayoweza kuuliza mtu anayefikiria njia ya kudumu ya uzazi wa mpango. Hayo ndiyo mambo ambayo tafiti za miaka mingi zimeonyesha kuwa huzaa majuto baadaye. Mtu akiyajibu kabla, kwa utulivu, majuto hupungua sana. Akiyaruka, yatamsubiri mbele.

Kwanza tuone kinachofanyika, kwa sababu hofu nyingi hukaa hapo.

Kwa mwanamke, yai hutoka kwenye ovari na kusafiri kupitia mrija mwembamba hadi kwenye mfuko wa uzazi. Mirija hiyo ni miwili, mmoja kila upande, na mbegu ya mume hukutana na yai humo ndani. Kufunga kizazi ni kuikata njia hiyo. Mfuko wa uzazi hautolewi na ovari haziguswi, kwa hiyo hedhi huendelea kuja na homoni za kike huendelea kutengenezwa kama zamani. Katika hospitali zetu za wilaya na huduma za mkoba, njia inayotumika zaidi ni upasuaji mdogo wa tumbo. Mama hudungwa sindano ya ganzi mahali pale pale pa kukatwa, na dawa kidogo ya kumtuliza, akabaki macho akiweza kuzungumza. Jeraha ni la sentimita 2 hadi 5. Kama amejifungua ndani ya siku saba zilizopita, mfuko wa uzazi bado uko juu, basi hukatwa chini kidogo ya kitovu. Kama hana uzazi wa karibuni, hukatwa juu ya kinena, na mhudumu huuinua mfuko wa uzazi kwa kifaa kinachopitishwa ukeni ili mirija isogee karibu na jeraha.

Hapo kuna hatua moja ndogo ambayo mpasuaji makini haiachi. Karibu na mrija kuna kano inayoshikilia mfuko wa uzazi, nayo kwa macho ya haraka hufanana na mrija. Mpasuaji hana budi kuufuata mrija kwa koleo laini hadi mwisho wake, aone ncha iliyochanua karibu na ovari. Akiiona, ana hakika. Ndipo huvuta sehemu ya kati ikawa kitanzi, akaifunga kwa uzi unaoyeyuka, akakata kipande cha juu cha kitanzi hicho. Uzi ukiyeyuka baada ya siku kadhaa, ncha mbili huachana na kila moja huziba peke yake. Upande wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Zipo pia njia za kuziba kwa klipu, kwa pete ya mpira au kwa kuunguza kwa umeme kupitia laparoskopi, nazo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa.

Kwa mwanamume kazi ni nyepesi zaidi. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani, kisha hupanda kwa mirija miwili inayopita juu ya mfuko wa pumbu. Daktari huutafuta mrija kwa vidole juu ya ngozi, nao hujisikia mgumu kiasi, kama tambi isiyoiva. Huchoma ganzi, halafu badala ya kisu hutumia koleo lenye ncha kali kutoboa tundu dogo. Njia hii isiyotumia kisu ilibuniwa nchini China na Dakta Li Shunqiang mwaka 1974, nayo imepunguza sana uvujaji wa damu na maambukizi. Mrija huvutwa nje, hukatwa, huzibwa, hurudishwa. Mara nyingi tundu halihitaji hata kushonwa. Mume hutembea mwenyewe kurudi nyumbani, akapumzika siku mbili, akavaa chupi inayobana na kuacha kazi nzito kwa siku chache.

Nguvu za kiume hazitoki kwenye mrija huo. Homoni ya kiume hupita kwenye damu, na damu haikukatwa. Majimaji yanayotoka wakati wa tendo hutengenezwa zaidi na tezi zilizo mbele ya mahali palipokatwa, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo, hivyo mwenye kutazama hawezi kuona tofauti. Ni haki pia kusema kwamba asilimia 1 au 2 ya wanaume hubaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu, na wengine kiasi hicho hupata uvimbe wa damu siku za mwanzo. Mnasihi asiyeyataja haya anamnyima mteja haki yake.

Sasa tuje kwenye swali la pili la watu: je, mimba inaweza kuingia hata hivyo? Inaweza, ingawa ni nadra. Na inapoingia, huwa na sababu inayoeleweka.

Utafiti mkubwa zaidi juu ya kufunga mirija ya wanawake ulifanyika Marekani, ukawafuatilia wanawake 10,685, na matokeo yake juu ya mimba yalitolewa mwaka 1996. Katika kila wanawake 1,000, kati ya 18 na 19 walipata mimba ndani ya miaka kumi. Njia hazikulingana. Waliofungwa kwa kukata kipande cha mrija baada ya kujifungua, njia inayokaribiana na ile niliyoieleza juu, walikuwa kati ya 7 na 8 kwa kila 1,000. Waliofungwa kwa klipu ya springi walikuwa zaidi ya 36. Umri nao ulikuwa na uzito, kwa kuwa mwanamke aliyefungwa akiwa chini ya miaka 28 ana miaka mingi ya uzazi mbele yake, na kwa baadhi ya njia mimba kwa kundi hilo zilipita 50 kwa kila 1,000. Mimba hizi hutokana na mambo machache: kano ilifungwa badala ya mrija, au klipu haikukamata mrija wote, au ncha zilizokatwa zilitafutana zikafungua njia mpya. Pengine mama alikuwa na mimba changa siku ya upasuaji na hakuna aliyejua.

Kuna jambo moja katika takwimu zile ambalo lingestahili kuandikwa kwenye kadi ya kila mwanamke aliyefungwa. Karibu theluthi moja ya mimba hizo zilitunga nje ya mfuko wa uzazi. Njia iliyoziba nusu huweza kuruhusu mbegu ipite na kulizuia yai lililorutubishwa lisirudi, likakua ndani ya mrija hadi mrija upasuke. Mwanamke aliyefungwa miaka minane iliyopita, akikosa hedhi, akashikwa na maumivu ya tumbo la chini upande mmoja, damu kidogo isiyo ya kawaida na kizunguzungu, hapaswi kuambiwa na mtu yeyote kwamba "wewe ulishafunga, hii ni tumbo tu". Aende hospitali siku hiyo hiyo na ajitaje mwenyewe kwamba alifunga kizazi. Kipimo cha mimba cha mkojo ni cha dakika chache, nacho huweza kuokoa maisha yake.

Kwa mwanamume, kosa kubwa hutokea nyumbani. Kufunga hakuanzi kazi siku ile. Juu ya mahali palipokatwa mbegu bado zimo njiani, na huchukua muda kwisha. Kwa hiyo mume na mke wanatakiwa kutumia kondomu au njia nyingine kwa miezi mitatu kamili. Baada ya hapo manii hupimwa kwa darubini kuona kama mbegu zimekwisha. Mahali ambapo kipimo hiki hufanyika, mimba katika mwaka wa kwanza ni kama 2 tu kwa kila wanandoa 1,000. Pasipofanyika, ni 2 hadi 3 kwa kila 100, yaani mara kumi na zaidi. Mume akishapimwa na kuonekana hana mbegu kabisa, uwezekano wa njia kujifungua yenyewe baadaye ni kama 1 kati ya 2,000.

Tofauti hiyo hutegemea pia jinsi mrija ulivyozibwa. Kufunga kwa uzi na kukata peke yake ni dhaifu. Rwanda ilipoanza kueneza huduma hii, madaktari wake walifundishwa kuunguza ndani ya mrija kwa kifaa cha moto kinachotumia betri, kisha kuvuta utando unaouzunguka mrija ukae kati ya ncha mbili kama pazia, na maelezo ya mafunzo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Mume anayekwenda kufunga ana haki ya kumuuliza daktari: "Daktari, mrija unaziba vipi, na kipimo nitafanyia wapi baada ya miezi mitatu?" Jibu la swali la pili ni la muhimu kuliko anavyodhani. Mke akishika mimba mwezi wa pili, na hakuna aliyewaambia wawili hao kwamba mbegu bado zipo, lawama humwangukia mwanamke, na ndoa huvunjika kwa kosa la kliniki.

Baada ya hayo tufike kwenye majuto, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha suala zima. Kushindwa kwa njia ni kwa wachache sana. Majuto ni ya wengi zaidi, na hayaonekani kwenye daftari la kituo kwa sababu anayejuta hana anachorudia.

Utafiti ule ule wa Marekani uliendelea kuwauliza wanawake hadi miaka 14 baada ya kufungwa. Waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini ya hapo, mmoja kati ya watano alisema amejuta. Waliofungwa wakiwa wamepita miaka 30, walikuwa kama 6 kati ya 100. Wale wa miaka 18 hadi 24, hadi 40 kati ya 100 waliwahi kuulizia habari za kufunguliwa. Hizi ni takwimu za huko kwao na zisichukuliwe kama zilivyo kwa Kasulu au Kilifi, ambako mwanamke wa miaka 28 huenda ana watoto watano. Lakini mwelekeo wake haushangazi. Anayeamua mapema ana muda mrefu zaidi wa maisha kubadilika.

Tafiti hizo zilionyesha pia jambo ambalo watu wa Kigoma walilijua bila kuambiwa. Pale mke na mume walipokuwa na mgogoro mkubwa kabla ya kufunga, maombi ya kufunguliwa baadaye yaliongezeka sana. Kwa wanawake waliofunga mirija yaliongezeka zaidi ya mara tatu, na kwa ndoa ambazo mume ndiye aliyefunga yaliongezeka zaidi ya mara ishirini. Mtu anayefunga ili kutuliza ugomvi wa nyumbani anatumia dawa ya kudumu kwa ugonjwa ambao huenda ukapona, au ukaishia kwenye talaka na ndoa nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate kwa karibu. Mama ana miaka 26, anakuja kujifungua mtoto wa nne. Watatu wa kwanza wako hai, mdogo ana mwaka mmoja na miezi minane. Mumewe yuko safarini. Leba imekwama, daktari anaamua upasuaji. Akiwa anasukumwa kwenye kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, muuguzi anainama: "Mama, watoto hawa wanatosha. Tukufunge kabisa, tukiwa huko huko ndani? Weka sahihi hapa." Mama ana uchungu, anaogopa kufa, anataka yaishe. Anaweka sahihi.

Muuguzi yule huenda ana nia njema kabisa. Amewaona wanawake wakifa kwa uzazi wa tano na wa sita. Lakini karatasi ile haina maana, na hili si maoni yangu tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kesi ya wanawake watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliofungwa mirija wakati wa upasuaji wa uzazi. Fomu zilikuwepo na sahihi zilikuwepo. Mahakama ilisema ridhaa iliyochukuliwa kwa mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, bila maelezo na bila nafasi ya kufikiri, si ridhaa. Kenya nayo ina historia ya namna hiyo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2012 na shirika la African Gender and Media Initiative ilikusanya masimulizi ya wanawake wenye virusi waliofungwa kwa kulazimishwa au bila kujua, na baadhi yao walipeleka madai mahakamani. Wapo waliokuja kugundua miaka kadhaa baadaye, walipokwenda kuuliza kwa nini hawashiki mimba.

Turudi kwa mama wetu. Kufungwa wakati wa upasuaji wa uzazi si kosa lenyewe. Kuna faida kubwa, kwa kuwa tumbo tayari limefunguliwa. Kosa ni saa ya kuulizwa. Mazungumzo yale yalipaswa kufanyika kliniki ya wajawazito, mwezi wa sita au wa saba, akiwa amekaa kwenye kiti na hana uchungu, na uamuzi wake uandikwe kwenye kadi. Siku ya kujifungua muuguzi angekuwa na kazi moja tu, kusoma kadi na kuuliza: "Mama, ulisema unataka kufunga. Bado unataka?" Asipokuwa na hakika, hafungwi siku hiyo. Anaweza kurudi baada ya wiki sita.

Na mtoto? Hilo ni jambo linalosahauliwa. Uamuzi wa kufunga siku ya kuzaa hufanywa kabla ya kujua kama kichanga kitapona. Mnasihi mwenye uzoefu huuliza mapema: "Ikitokea mtoto huyu amezaliwa na shida, au tukampoteza, bado ungetaka tuendelee, au tusubiri?" Ni swali zito kumuuliza mjamzito, na wengi hulikwepa wakihofia kuitia nuksi safari ya mwenzao. Lakini jibu lake huandikwa kwenye kadi, na siku ile mbaya ikija, hakuna anayelazimika kuamua akiwa analia.

Katika mazungumzo ya kliniki, mama huyu angepaswa kusikia kwamba kuna njia za muda mrefu zinazolingana kabisa na kufunga mirija kwa nguvu ya kuzuia mimba. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi, na kwa mwanamke wa miaka 26 kitamfikisha miaka 36. Vijiti vya mkononi hukaa miaka 3 hadi 5 kutegemea aina, na kwa takwimu za mwaka wa kwanza vinazuia mimba hata kuliko kufunga. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au wakati wa upasuaji wenyewe. Akifika miaka 36 na bado hataki mtoto mwingine, atafunga akiwa upande ule wa takwimu ambako majuto ni machache. Asipotaka kitanzi kwa sababu hedhi humzidia, hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa. Haimaanishi turuke moja kwa moja kwenye kisu.

Angepaswa pia kusikia kwamba mumewe akirudi safari, na ikiwa wawili hao wanakubaliana, kumfunga mume ni upasuaji mdogo na salama zaidi kuliko kufungua tumbo la mke, hasa mke aliyekwisha kupasuliwa. Jambo hili huachwa kwa sababu mume hayupo kliniki. Wanaume wa Kigoma waliofunga wengi walizungumza na wake zao kwanza, na wake walikuwa na sauti kubwa katika uamuzi, ama wa kusukuma mbele au wa kurudisha nyuma.

Unasihi mzuri hautumii maneno mengi. Mteja anapaswa kuelewa kwamba zipo njia za muda na anaweza kuzichagua, na kwamba huu ni upasuaji wenye hatari zake ndogo. Aelewe kwamba ukifanikiwa hatazaa tena, na asitegemee kufunguliwa. Aelewe kwamba haumkingi na magonjwa ya ngono wala virusi vya Ukimwi, na kwamba anaweza kubadili nia wakati wowote kabla ya upasuaji bila kupoteza huduma nyingine yoyote, hata akiwa amelala mezani tayari. Mnasihi hupima uelewa huo kwa kumwomba mteja aeleze mwenyewe: "Ukifika nyumbani mama mkwe akikuuliza umefanywa nini, utamwambiaje?" Akisema, "Wamenifunga, nikitaka tena watafungua," kazi bado haijaisha. Neno "kufunga" lenyewe humpa mtu wazo la mlango, na ni afadhali kumweleza kwamba kipande kimekatwa na kutolewa.

Kisha yanakuja maswali ya kesho. Ukifiwa na mume, ungeolewa tena? Kama watoto wote ni wa kike, na ukoo wenu unasubiri wa kiume, wewe mwenyewe umeshakubali moyoni au unategemea hawatauliza? Je, kuna mtu amekuambia ufunge? Kwa dini yako, umezungumza na mtu unayemwamini? Kanisa Katoliki halikubali njia hii, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu njia za muda lakini hukataa ya kudumu isipokuwa kuna sababu ya kiafya. Mnasihi hana kazi ya kutoa fatwa. Lakini muumini akiambiwa na shehe au padre baada ya upasuaji, majuto yake yatakuwa na uzito ambao hakuna daktari awezaye kuutua. Heri alijue jambo hilo kabla, akaamua akiwa anajua.

Kuna wakati usiofaa wa kuamua, na mnasihi anapaswa kuutambua. Mtu aliyefiwa na mtoto karibuni, mtu aliyetoka kuachwa, mwanamke ambaye mimba iliyopita ilimfikisha mlangoni pa kifo na bado anaamka usiku. Hawa hawakataliwi, bali hupewa njia ya muda na miadi ya kurudi baada ya miezi kadhaa. Wengine watarudi na msimamo ule ule, wakafungwa.

Lakini tahadhari hii isigeuke kuwa lango la kufungia watu nje. Mwanamke wa miaka 38 mwenye watoto sita, aliyekwisha kupasuliwa mara tatu, anayeambiwa arudi na mumewe kuweka sahihi wakati mume hajaonekana nyumbani kwa mwaka mzima, naye anadhulumiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba ruhusa ya mwenzi si sharti. Ni vizuri mwenzi ashirikishwe, kwa sababu maelewano hupunguza majuto, lakini mwili ni wake. Hata kijana asiye na mtoto hana kizuizi cha kitabibu. Anachohitaji ni mazungumzo marefu zaidi na muda wa kutosha.

Na kufunguliwa? Upo upasuaji wa kuunganisha tena mirija, kwa mwanamke na kwa mwanamume, chini ya darubini na kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wataalamu wake ni wachache katika ukanda wetu na gharama yake iko mbali na kipato cha familia nyingi. Kwa mwanamume, kadiri miaka inavyopita tangu kufungwa ndivyo uwezekano wa mke kushika mimba unavyopungua, hata njia ikifunguka. Kwa mwanamke, inategemea urefu wa mrija uliobaki na umri wake, na hata akifanikiwa, hatari ya mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi huongezeka. Kupandikiza mimba maabara kunawezekana bila kugusa mirija, na kuna vituo Dar es Salaam na Nairobi, kwa mamilioni ya shilingi kila jaribio na bila hakika ya mtoto.

Kwa anayekwenda kliniki wiki hii, mume kwa mke au peke yake, aulize mambo matatu kabla ya kuweka sahihi: nani atakayefanya upasuaji na amefanya mara ngapi, atazibaje mirija, na nikipata shida usiku nimpigie nani. Mwanamke aombe kipimo cha mimba asubuhi ile ile, na apewe kadi yenye tarehe na jina la njia iliyotumika, kisha aitunze pamoja na kadi za watoto. Mwanamume aondoke na kondomu za miezi mitatu, na tarehe ya kurudi kupima manii ikiwa imeandikwa.